Ya Thelathini: Majibu Yangu kwa Kamati Iliyokataa Tangazo

Maneno haya niliyasema mbele ya kamati ya ushirika wa wafugaji wa maziwa kutoka Kiambu, katika ukumbi mmoja hapa Nairobi. Jina la ushirika nimeliacha. Kila lilipotajwa nimeandika "Jina Lenu".

Bwana Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, wazee wangu na akina mama wa kamati, hamjambo. Asanteni kwa kunipa nafasi ya kusimama, maana ningeweza kujibu kwa barua kama mlivyoniandikia. Lakini tangazo la redio halisomwi, linasikika, na nusu ya malalamiko yenu yanahusu kitu ambacho karatasi haiwezi kukionyesha.

Barua yenu niliipata Jumatatu. Sentensi iliyonikaa moyoni ni ile ya aya ya pili: "Hili si tangazo la ushirika wetu, ni mazungumzo ya mtoto na mama yake." Baada yake mmenieleza kwamba jina lenu linachelewa, kwamba shilingi thelathini inawashusha hadhi, kwamba swali la kuosha chupa linamtukana mteja, na kwamba hakuna sauti ya mwenyekiti, hakuna namba ya simu, hakuna vituo, hakuna bei, na hakuna mahali popote panaposemwa kwamba maziwa yenu ni safi, bora na yenye lishe. Nitayajibu yote, lakini sitayapa muda sawa, kwa sababu hayana uzito sawa. Mengine mna haki kabisa, na kuna kosa moja kubwa ambalo hamkuliona. Hilo nitalitaja mwenyewe.

Kwanza niwasomee skripti yenyewe, kwa sababu nadhani wengine hapa wameisikia kwa kusimuliwa.

(Maziwa yanamiminika kwenye chupa ya plastiki.)
MTOTO: Ya thelathini.
MUUZAJI: Hiyo chupa umeiosha?
MTOTO: Mama ameiosha na maji moto.
(Miguu inakimbia ngazini.)
MAMA: Majani nishatia, maziwa yako wapi?
MTOTO: Nimefika!
(Maziwa yanaingia kwenye sufuria. Chai inapanda.)
MAMA: Eeh. Hii sasa ni chai.
MSIMULIZI: Maziwa yaliyokamuliwa leo asubuhi, yakapashwa moto, yakapozwa, yakakufikia jioni. Jina Lenu. Beba chupa yako.

Hizo ndizo sekunde 30 mlizokataa. Naomba nianze na shilingi thelathini, kwa sababu hapo ndipo barua yenu ilipokuwa na uchungu zaidi.

Kabla ya kuandika neno lolote nilikaa jioni mbili kwenye mashine yenu ya kupimia maziwa kule Pipeline, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Ninyi mnaipelekea mashine ile maziwa kwa lita, na hesabu zenu zote ni za lita. Lakini pale dirishani sikusikia neno lita likitumiwa na wengi. Mtu anataja pesa. "Ya ishirini." "Ya thelathini." "Ya hamsini, na usifunge, naongeza ya kumi." Muuzaji anabonyeza kiasi cha pesa, mashine inatoa maziwa ya pesa hizo, basi. Foleni ilikuwa ya watoto waliotumwa, wameshika chupa za soda zilizobanduliwa karatasi, na ya watu wazima waliotoka kazini, wengine na chupa ndogo kwenye begi. Kuna mama mmoja alikuja na kifuniko cha chupa ya chai, kile kinachotumika kama kikombe, akapimiwa humo.

Sasa fikirieni duka la jirani. Dukani kuna pakiti, na pakiti ya kawaida ni nusu lita. Mwenye shilingi thelathini mkononi hawezi kumwambia mwenye duka amkatie pakiti. Lakini mashine yenu inaweza. Mimi nilitafuta jambo ambalo ninyi mnalifanya na pakiti hailifanyi, nikalikuta kwenye mdomo wa mtoto, nalo lina maneno mawili. Ndiyo maana maneno yale mawili ndiyo ya kwanza kabisa katika tangazo.

Mmeniandikia kwamba afadhali mtoto aseme "lita moja" ili tuonekane ni watu wa maana. Wazee wangu, mwenye thelathini akisikia "lita moja" anajua tangazo si lake, anarudi kwenye mazungumzo yake. Lakini mwenye pesa za lita tano akisikia "ya thelathini" hafukuziki. Anaelewa tu kwamba pale wanapima.

Hata hivyo nimeisikia hofu iliyo chini ya maneno yenu, na si hofu ya bure. Hapa mjini "maziwa ya kupima" ni jina lenye doa. Watu wanakumbuka maziwa yaliyochuruzwa kutoka kwenye mtungi wa mtu msiyemjua, ukiyachemsha yanabaki meupe kama maji ya mchele, hayana utando. Mnaogopa kwamba mkitangaza kupima mtahesabiwa pamoja na wale. Hofu hiyo skripti yangu haikuijibu, na ilipaswa kuijibu. Marekebisho mawili niliyokuja nayo leo yanaijibu, kila moja kwa njia yake.

Twende kwenye swali la chupa. Katibu ameandika kwamba "hiyo chupa umeiosha?" ni kumwambia mteja kwamba ni mchafu. Hilo nalitetea kwa nguvu zangu zote, tena kwa manufaa yenu kuliko yangu.

Ninyi mnayajua haya kunishinda: maziwa yanapashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, yanapozwa haraka hadi karibu nyuzi 4, yanasafirishwa yakiwa baridi, yanakaa kwenye mashine yakiwa baridi. Kazi yote hiyo na gharama yote hiyo inaishia mahali ambapo hamna mamlaka, ndani ya chupa ya mteja. Kama chupa ina ukoko wa maziwa ya juzi chini yake, maziwa yenu yatakuwa yameganda kesho asubuhi. Na mteja hatasema chupa yangu ilikuwa mbaya. Atasema mashine ile ina maziwa mabovu, atawaambia majirani wa ploti nzima. Muuzaji wenu wa Pipeline aliniambia kwamba malalamiko ya maziwa kuharibika ndiyo yanayomchosha zaidi, na kwamba akiomba kuona chupa mara nyingi anakuta harufu inatoka humo. Sasa maneno matatu ya muuzaji, na jibu la mtoto kwamba mama ameiosha na maji moto, yanamfundisha msikilizaji bila kumhubiria. Halafu tazameni nani ameosha. Ni mama. Anayesikiliza anajiona ni yule mama aliyeosha, si yule mchafu. Kama bado ukali wa swali unawasumbua, naweza kulipunguza, na nimelipunguza, lakini kuliondoa naomba msinilazimishe.

Sasa jina. Hapa mna haki kwa nusu, na hiyo nusu ni kubwa.

Katika skripti ile jina lenu linatajwa mara moja tu, kwenye sekunde ya 25. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Sauti ya kwanza mnayoisikia ni chupa inayojaa. Chupa ikijaa, mlio wake unapanda, unaanza mzito na kuishia mwembamba, na sikio la mtu linaufuata lenyewe kungoja ujae. Nilijaribu sauti tatu kwa simu yangu ndani ya matatu ya Embakasi, injini ikinguruma. Ng'ombe akilia, hasikiki, mlio wake ni mzito na injini inaumeza. Mitungi ikigongana inasikika lakini mtu anadhani ni kondakta anagonga bodi. Chupa inayojaa ilisikika, na abiria wa mbele yangu aligeuka. Niliogopa kwamba nikiweka jina mwanzoni, lile la ushirika lenye maneno rasmi, nitaivunja ile sekunde ambayo sikio limefunguka.

Lakini redio haisikilizwi kama tunavyosikiliza hapa ukumbini. Anayeteremka kwenye stendi sekunde ya 20 ameshuka na chai ya watu asiowajua. Amesikia hadithi, jina hakulipata. Na aliyelisikia amelisikia mara moja, mwishoni, tangazo lingine likiwa tayari linaingia. Hilo mmelisema kweli, na nilipaswa kuliona mwenyewe. Kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba jina lazima lisemwe na msimulizi. Halilazimiki. Linaweza kusemwa na mama, kwa namna ambayo mama wa Nairobi huitaja mashine anapomtuma mtoto. Mtaliona jambo hilo baada ya muda mfupi.

Kabla ya hapo, lile kosa ambalo hamkuliona. Msimulizi anasema "maziwa yaliyokamuliwa leo asubuhi" na "yakakufikia jioni". Niliyaandika kwa sababu yalinipendeza masikioni. Wiki iliyopita nilimpigia meneja wa kiwanda chenu kumuuliza saa za magari, akanieleza vizuri kabisa: maziwa ya asubuhi yanakusanywa, yanapimwa, yanafika kiwandani, yanapashwa moto na kupozwa, na gari la Nairobi linaondoka alfajiri inayofuata. Kwa hiyo maziwa anayopimiwa mtoto jioni ya leo yalikamuliwa jana. Hakuna ubaya wowote katika maziwa ya jana yaliyotunzwa hivyo, lakini mimi ningewaambia watu wa Nairobi ni ya leo, na jina kwenye uongo huo lingekuwa lenu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 55, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, sura ya 254, nayo inakataza kutangaza chakula kwa njia ya kudanganya. Kamati ingeipitisha skripti ile kama ilivyo, tungekuwa tumelipia hewani tuhuma dhidi yetu wenyewe. Mstari huo nimeufuta. Naomba radhi.

Kwa sababu hiyo hiyo sikuandika "bora kuliko yote Nairobi" kama mlivyopendekeza. Akitokea mshindani akauliza mlipima na nani, hatuna jibu. Na yale maneno safi, bora, yenye lishe, kila tangazo la maziwa linayo. Yamesemwa sana hadi msikilizaji hayasikii tena. Akimsikia mpokeaji akikataa mtungi atajua ni safi. Nitawaonyesha.

Namba ya simu. Namba ya tarakimu kumi ikisomwa kwa Kiswahili, sufuri saba na kuendelea, inakula sekunde kama tano, na redioni haina maana isiposomwa mara mbili. Hizo ni sekunde 10 kati ya 30, kwa ajili ya mtu aliyesimama kwenye matatu bila kalamu. Na hakuna anayepiga simu kununua maziwa ya thelathini. Hiyo niacheni nje. Sauti ya mwenyekiti pia, Bwana Mwenyekiti, kwa heshima zote: wanachama wanaijua na kuipenda, lakini msikilizaji wa Kayole hajawahi kuisikia, na atatumia sekunde zake kujiuliza wewe ni nani.

Vituo ni jambo zito kidogo. Mna mashine Umoja, Kayole, Donholm, Pipeline, Tassia, Githurai, Kasarani na kwingineko. Nilivisoma vyote kwa saa, kwa utulivu, nikamaliza sekunde tisa. Na mtu wa Githurai akisikia Umoja, Kayole, Donholm, ameshaamua kwamba tangazo ni la watu wa Mashariki kabla zamu yake haijafika. Lakini hoja yenu kwamba atajuaje pa kwenda ni ya kweli. Suluhisho nililolikuta liko kwenye mashine zenyewe: zimepakwa rangi ya buluu. Nikisema "mashine ya buluu" nimetumia sekunde moja na nusu, na mtu wa kila mtaa anaitafuta kwa macho akiteremka. Ila mbili za Githurai hazijapakwa, ni nyeupe, nimezipita juzi. Ama zipakwe kabla ya tangazo kwenda hewani, ama nisiseme buluu.

Basi haya ndiyo marekebisho. Kila moja lina sekunde 25 na mkia wa sekunde 5. Mkia ndio jibu la malalamiko yenu ya bei. Mlitaka bei isemwe, nami niliikwepa kwa sababu bei ya maziwa hupanda wakati wa kiangazi, majani yakikauka, na tangazo lililorekodiwa Novemba likitaja bei ya Novemba litakuwa linasema uongo ifikapo Februari. Lakini kuikwepa kabisa si jibu. Kwa hiyo tunarekodi bei peke yake, sentensi moja ya msimulizi, na inaungwa mwishoni. Bei ikibadilika mnanipigia, msimulizi anaingia studio kwa dakika kumi, tunabadilisha mkia tu na waigizaji wengine hawarudi.

La kwanza linabaki na mtoto na mama.

MAMA (dirishani, kwa mbali): Usinunue kwingine! Mashine ya buluu, ile ya Jina Lenu!
(Miguu inashuka ngazi. Chupa inajaa.)
MTOTO: Ya thelathini.
MUUZAJI: Chupa imeoshwa?
MTOTO: Na maji moto.
MWANAMUME: Mimi nijazie jeri, ya hoteli.
(Maziwa yanaingia kwenye sufuria.)
MAMA: Ni ya Jina Lenu?
MTOTO: Ndiyo!
MAMA: Eeh. Hii sasa ni chai.
MSIMULIZI: Jina Lenu. Maziwa yaliyopashwa moto, yakapozwa. Beba chupa yako.
(Mkia: bei ya mwezi.)

Hesabuni. Jina sasa linasikika karibu na sekunde ya nne, linarudi mama anapouliza, na msimulizi analifunga. Mara tatu, na mara mbili limesemwa na watu wenye sababu ya kulisema. Chupa inayojaa imesogea nyuma ya sauti ya mama, nami naikosa pale mwanzoni, lakini mama anayepaza sauti dirishani naye anageuza shingo. Mtoto amebaki na thelathini yake. Nyuma yake nimemweka mwanamume mwenye jeri la lita tano, mwenye hoteli, ili anayesikiliza ajue foleni moja ina watu wote wawili. Huyo nimemwandika kwa ajili ya hadhi yenu, na nilimwona kweli pale Pipeline, jeri lake la njano liko kwenye kiti cha pikipiki. Swali la chupa limelainika, limekuwa la kikazi.

Yote ni maneno 40, jina lenu likihesabiwa kuwa mawili. Kipimo changu ni maneno mawili kwa sekunde kwa msomaji asiyekimbizwa, maana maneno yetu ni marefu, "yaliyopashwa" peke yake ina silabi tano. Kwa hiyo maneno yanachukua sekunde 20, na sauti za ngazi, chupa na sufuria zinabaki na tano. Mkiniambia niongeze sentensi, semeni pia niitoe ipi. Nikiisukuma ndani tu, msimulizi ataharakisha, na msikilizaji anaisikia haraka hiyo kama mtu anayeficha kitu.

Ninachokipoteza katika hili la kwanza ni kwamba halijibu moja kwa moja lile doa la maziwa ya kupima. Linasema yamepashwa moto, lakini kusema si kuonyesha. Ndiyo maana nimeandika la pili, ambalo halina mtoto kabisa. Linaanzia kwenu, kwenye kituo cha kupokea maziwa.

MSIMULIZI: Kwa Jina Lenu, alfajiri.
(Mitungi inagongana. Kioo kinalia kwenye kipimo.)
MPOKEAJI: Ishirini na tisa. Pita.
(Kioo.)
MPOKEAJI: Thelathini. Pita.
(Kioo. Kimya.)
MPOKEAJI: Ishirini na mbili. Haya hayapiti.
MKULIMA: Hata nusu mtungi?
MPOKEAJI: Hata kikombe.
MSIMULIZI: Kila mtungi hupimwa kabla ya kupokewa. Ndipo maziwa yanapashwa moto, yanapozwa, yanaletwa Nairobi. Jina Lenu. Tafuta mashine ya buluu.
(Mkia: bei ya mwezi.)

Hapa ninyi mnajua kinachotokea, msikilizaji hajui. Ile ni laktomita, inaelea kwenye maziwa ndani ya mcheduara wa kioo. Maziwa halisi yakiwa kwenye nyuzi 20 huibeba ikasoma takriban kati ya 26 na 32, na yakitiwa maji inazama, namba inashuka. Msikilizaji wa Kayole hahitaji kujua lolote kati ya hayo. Anasikia namba mbili zinapita, anasikia kimya, anasikia namba ndogo, na mtu anakataliwa. Kutokana na ule mkataa wa "hata kikombe" anaelewa kwamba maji hayakuruhusiwa kuja Nairobi. Doa la kupima linasuguliwa na kupima kwenyewe.

Lakini nina mambo mawili ya kuwatahadharisha juu ya hili. Laktomita inakamata maji, haikamati kila kitu. Mtu akitia maji kisha akaongeza sukari au unga, namba inaweza kurudi juu. Ndiyo maana msimulizi hasemi "hayajaongezwa chochote". Anasema tu kila mtungi hupimwa, na hilo lazima liwe kweli katika kila kituo chenu, kila siku, hata siku ya mvua gari likichelewa. Kama kuna kituo ambako mpokeaji huwa anapima mtungi mmoja kati ya mitatu, niambieni leo, nami nitaondoa neno "kila" au tangazo lote.

La pili ni wakulima wenyewe. Wanachama wenu nao wana redio. Mkulima aliyewahi kurudishwa na mtungi wake atajisikia ametangazwa. Nimejaribu kumlinda kwa kutompa jina, kutompa kijiji, na kumfanya mpokeaji aseme "haya hayapiti" badala ya "wewe umetia maji". Hata hivyo nadhani wajumbe mlio wafugaji mnapaswa kulisikia hili usiku mmoja nyumbani kwenu kabla ya kulipitisha. Kwa gharama, la pili linataka sauti za watu wazima watatu, ila la kwanza linataka wanne na mtoto, na kurekodi mtoto kunakula muda, anachoka, na mzazi wake lazima awepo studio. La pili ni rahisi zaidi kurekodi.

Mkiniuliza mimi, ningetangulia na la pili kwa wiki mbili, kwa sababu mtu akiwa bado na shaka ya maji hatamtuma mtoto, halafu nifuatishe la kwanza kwa muda uliobaki, kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, wakati watu wanarudi nyumbani na sufuria ziko karibu na jiko. Mkitaka moja tu kwa bajeti yenu, basi chukueni la kwanza, maana ndilo linalomwonyesha mtu namna ya kununua. Lile la pili peke yake linamwacha mtu akiwaheshimu bila kujua kwamba thelathini yake inatosha.

Msiamue hapa kwa kusoma karatasi. Nimerekodi yote mawili kwa simu, sauti yangu na ya mwenzangu, bila ufundi wowote. Nitawatumia leo jioni. Yasikilizeni kwenye spika ya simu mkiwa kwenye gari linalokwenda, dirisha likiwa wazi, mara moja tu. Halafu mwulizeni aliyekaa karibu nanyi mambo mawili: maziwa ya nani, na yananunuliwa wapi. Asipoweza kujibu moja kati ya hayo, skripti imeshindwa hata kama kamati yote imeipenda, na nitaandika upya bila kuwatoza.

Nikipata jibu lenu kufikia Alhamisi, studio iko wazi Jumamosi asubuhi. Kwa lile la pili fundi wa sauti ameomba laktomita halisi na mcheduara wake wa kioo, kwa sababu kijiko na glasi ya maji vilisikika kama baa. Na anahitaji mpokeaji wenu mmoja, anayefanya kazi hiyo kila siku, aje asome zile namba tatu mwenyewe. Nilimsikiliza yule wa zamu ya asubuhi nilipokuja Kiambu. Anasema "pita" bila kuinua kichwa, mkono wake umeshafika kwenye mtungi unaofuata. Mwigizaji hataweza kulisema hivyo. Naomba mniruhusu nimpate huyo.